Ficha Kisa, Kisha Soma Swali

Jibu lililonizindua lilikuwa zuri kupita kiasi. Niliwapa wanafunzi wangu wa usimamizi wa biashara kisa cha kurasa mbili wakisome nyumbani, na wiki iliyofuata nikawapa jaribio. Swali kubwa lilikuwa hili:

*Tathmini faida na hasara za kampuni kununua mashine mpya.* (Alama 10)

Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mashine huongeza kasi, hupunguza makosa na hushusha gharama ya kila bidhaa. Upande wa pili, ni ghali, inahitaji mafunzo na huwaondoa watu kazini. Akamalizia: "Kwa ujumla faida ni nyingi kuliko hasara, hivyo kampuni inunue." Mwandiko ulikuwa safi na aya zimepangika. Nikampa 8.

Siku ya kurudisha karatasi akanifuata pembeni na kuungama kwamba alikuwa mgonjwa wiki ile, kisa hakukipata, na aliona haya kusema. "Nilidhani ni kiwanda cha nguo, mwalimu," akasema. Kampuni ya kwenye kisa ilikuwa inatengeneza viti.

Sikumkasirikia. Nilirudi nyumbani nikalisoma swali langu upya, safari hii nikiwa nimekifunika kisa kwa mkono, na kweli, halikukihitaji. Ningeweza kulijibu mimi, angeweza kulijibu yeyote aliyewahi kumeza ukurasa mmoja wa daftari wenye kichwa "Faida na hasara za mashine". Nilikuwa nimeandika neno "tathmini", neno la ngazi za juu kabisa, juu ya swali la kukumbuka.

Tangu siku hiyo hilo ndilo jaribio langu la kwanza kwa kila swali ninalotunga. Nafunika kisa, nasoma swali. Likijibika, si swali la kisa. Linaweza kuwa swali halali la mahali pengine, ila kurasa zile mbili zitakuwa pambo tu.

Wengi wetu tulifundishwa kutunga maswali kwa orodha ya vitenzi. Unajua ile karatasi ya ukutani: taja, orodhesha na fafanua ziko chini, linganisha na changanua ziko katikati, tathmini na pendekeza ziko juu. Asili yake ni kazi ya Benjamin Bloom na wenzake ya mwaka 1956, iliyopanga malengo ya kujifunza katika ngazi sita, tathmini ikiwa kileleni. Mwaka 2001 ngazi hizo zilirekebishwa, zikageuzwa kuwa vitenzi, na kilele kikapewa kuunda, tathmini ikashuka hatua moja. Sina ugomvi na ngazi hizo. Ugomvi wangu ni na orodha ya vitenzi iliyozaliwa nazo, kwa sababu inamfanya mtungaji aamini kwamba akibadilisha neno la kwanza la swali amebadilisha kazi ya akili inayotakiwa. "Changanua mtindo wa uongozi wa mkurugenzi" ni swali la kumbukumbu ikiwa aya ya tatu ya kisa imesema wazi kwamba mkurugenzi ni wa kiimla. Na swali fupi kama "Kwa nini mkurugenzi alichelewesha uamuzi?" linaweza kuwa zito sana ikiwa kisa hakikusema sababu, bali kimetawanya dalili zake sehemu nne tofauti.

Uzito wa swali, kwa hiyo, unatengenezwa ndani ya kisa kabla hata hujaandika swali lenyewe. Hapo ndipo nilipokuwa nikikosea miaka yote. Nilikuwa nachukua kisa chochote kilichoandikwa vizuri, halafu nahangaika na vitenzi.

Kisa changu cha viti, toleo la kwanza, kilikuwa na sentensi hii: "Wataalamu walithibitisha kwamba mauzo yataongezeka kwa kasi mwaka ujao." Sentensi moja tu, lakini imeua kila kitu. Mauzo yakishathibitishwa, mashine ni lazima inunuliwe, hakuna la kutathmini. Mwanafunzi mwerevu ataona hivyo, na mwanafunzi mvivu pia ataona hivyo, na sina namna ya kuwatofautisha. Mambo matatu yalihitajika nisiyokuwa nayo: njia mbili zinazoweza kutetewa, ushahidi unaopingana kuhusu kila njia, na jambo moja muhimu ambalo bado halijulikani.

Nikakaa nikaandika kisa upya. Sarafu nimeiacha bila jina, kwa kuwa hesabu ni ile ile kwa fedha yoyote. Kwa ufupi kinasema hivi:

> Kampuni inatengeneza viti vya shule. Mwaka huu imeuza viti 4,000 kwa bei ya 50 kila kimoja. Gharama zinazobadilika ni 32 kwa kiti, sehemu kubwa ikiwa ni malipo ya mafundi 20 wanaolipwa kwa idadi ya viti. Gharama zisizobadilika ni 54,000 kwa mwaka. Karakana haiwezi kutoa zaidi ya viti 4,500.
>
> Mteja mmoja mkubwa alinunua viti 1,600 kati ya hivyo. Amemwambia meneja masoko, kwa mdomo, kwamba mwaka ujao atahitaji viti 2,000 zaidi.
>
> Meneja masoko anataka mashine inunuliwe kwa mkopo wa miaka 5. Gharama zinazobadilika zitashuka hadi 25 kwa kiti, lakini riba, uchakavu na matengenezo vitapandisha gharama zisizobadilika hadi 100,000. Mashine inahitaji mafundi 8 tu. Miaka mitatu iliyopita mafundi walikubali kupunguziwa malipo, na mwanzilishi aliwaahidi kwamba hakuna atakayeachishwa kazi.
>
> Mhasibu anapendekeza viti vinavyozidi uwezo wa karakana vitengenezwe na karakana ya nje kwa 42 kila kimoja, kwa mkataba unaoweza kuvunjwa kwa taarifa ya miezi 3. Katika viti 100 vya majaribio kutoka karakana hiyo, 9 vilirudishwa na wateja. Kwa viti vya kampuni yenyewe hurudishwa 3 katika kila 100.

Ni hayo tu. Kiko kifupi kuliko kile cha kwanza, na hakuna mtaalamu anayethibitisha chochote. Mteja ametoa ahadi ya mdomo, na aliyeipokea ni mtu yule yule anayetaka mashine. Mwamba ngoma huvutia kwake, na nataka mwanafunzi aione ile kamba inavutwa upande gani bila mimi kumwonyesha.

Kabla ya kuandika swali lolote nilifanya hesabu zote mwenyewe, na hatua hii nakusihi usiiruke. Ukitunga swali la kutathmini bila kujua namba zinaangukia wapi, unaweza kugundua wakati wa kusahihisha kwamba njia moja inashinda katika kila hali, na "mjadala" wako ulikuwa kiini macho.

Kwa hali ya sasa kila kiti kinaacha 18 baada ya kutoa gharama zake. Viti 4,000 vinaacha 72,000. Toa 54,000, faida ni 18,000. Kwa mashine kila kiti kinaacha 25, lakini mzigo ni 100,000, kwa hiyo viti 4,000 ndivyo hasa vinavyolipa gharama na kubakiza sifuri. Mauzo yasipopanda, mashine inakula faida yote ya mwaka.

Mauzo yakifika 6,000, mambo yanageuka. Mashine inaleta faida ya 50,000. Karakana ya nje inaleta 39,000: viti 4,500 vya ndani vinaacha 81,000, viti 1,500 vya nje vinaacha 8 kila kimoja, yaani 12,000, jumla 93,000, toa 54,000. Mashine inashinda kwa 11,000. Ahadi ikiwa hewa, karakana ya nje inashinda kwa 18,000. Zinalingana mauzo yakifika karibu viti 5,353, maana yake zaidi kidogo ya theluthi mbili ya kile alichoahidi mteja lazima kitimie ndipo mashine ianze kuwa bora kwa kipimo cha faida.

Nilipoipata namba ile nilijua kisa kimesimama. Haiko mbali kiasi cha kuifanya mashine iwe upuuzi, wala haiko karibu kiasi cha kuifanya iwe dhahiri. Ingekuwa 4,100, ningerudi kubadilisha gharama. Ingekuwa 5,950, vivyo hivyo.

Swali la kwanza la karatasi niliacha liwe la hesabu, alama 4: kokotoa faida ya kila njia ikiwa mauzo yatafika 6,000. Hilo ni swali la kutumia kanuni na sikutaka lijifanye kitu kingine. Lina kazi moja: kumpa mwanafunzi malighafi ya maswali yanayofuata. Hapo kuna hatari. Anayekosea kutoa 54,000 anaingia swali la mwisho na namba mbovu, na ukimkata huko pia, umemwadhibu mara mbili kwa kosa moja. Kwenye mwongozo wangu wa kusahihisha niliandika kwamba majibu ya mbele yasomwe kwa namba za mwanafunzi mwenyewe. Hoja iliyojengwa vizuri juu ya namba mbovu inapata alama zake za hoja.

Swali la kuchanganua ndilo lililonisumbua zaidi. Rasimu ya kwanza: *Eleza hatari za kumtegemea mteja mmoja.* Nikakifunika kisa. Linajibika. Mteja akiondoka mauzo hushuka, mteja ana nguvu ya kushusha bei, na kadhalika, vyote vya kwenye daftari. Rasimu ya pili: *Changanua utegemezi wa kampuni kwa mteja mkubwa.* Sasa kisa kinahitajika, lakini kwa tarakimu moja tu: gawa 1,600 kwa 4,000, upate asilimia 40, sema ni kubwa, umemaliza. Jibu lote limekaa katika aya moja ya kisa. Hili ndilo jaribio langu la pili: nakishika kisa, natafuta ni aya ngapi mwanafunzi lazima azisome pamoja ili ajibu. Ikiwa ni moja, anachota. Kuchanganua kunaanza pale anapolazimika kuunganisha vitu ambavyo kisa hakikuviunganisha.

Rasimu ya tatu, iliyobaki:

*Changanua jinsi ununuzi wa mashine ungebadilisha hatari inayotokana na mteja mkubwa.* (Alama 6)

Neno linalofanya kazi pale ni "ungebadilisha". Mwanafunzi sasa anatakiwa kuchukua aya ya mteja na aya ya mashine na kuzigonganisha. Ukifuata mnyororo wenyewe, unaenda hivi. Leo mteja ni asilimia 40 ya mauzo. Ahadi ikitimia atakuwa na viti 3,600 kati ya 6,000, asilimia 60. Yaani mafanikio ya mpango wenyewe yanaongeza utegemezi. Mteja huyo akiondoka, mauzo yanabaki 2,400. Kwa mfumo wa sasa hasara ni 10,800. Kwa mashine hasara ni 40,000. Pengo lote hilo halitokani na mteja, kwa kuwa yeye ameondoka na viti vile vile katika hali zote mbili. Linatokana na gharama kuhama kutoka upande unaopungua viti vinapopungua kwenda upande usiojali idadi ya viti. Fundi anayelipwa kwa kiti hagharimu kitu kiti kisipotengenezwa, ila riba inadai hata karakana ikiwa kimya.

Anayesema "hatari itaongezeka kwa sababu mkopo ni mkubwa" ameona ncha ya jambo. Anayesema kwamba mashine inageuza gharama zinazobadilika kuwa zisizobadilika, na kwamba hilo ndilo linalomfanya mteja yule yule awe hatari zaidi, amechanganua. Kwenye kusahihisha nilitoa alama 2 kwa taarifa sahihi kutoka pande zote mbili za kisa na 4 kwa mnyororo, nikiuliza swali moja kila nilipofika mwisho wa sentensi: kwa hiyo nini? Jibu linaloishia njiani huonekana kwa urahisi. Lina "pia" nyingi na "kwa hiyo" chache. Ukiona aya inayokwenda "pia… pia… vilevile…", mara nyingi unasoma orodha iliyovaa nguo za uchanganuzi.

Kisha swali la kutathmini. Lile la zamani, kumbuka, liliomba "faida na hasara", na kwa maneno hayo nilikuwa nimemwelekeza mwanafunzi atengeneze safu mbili. Alinipa safu mbili. Halikuwa kosa lake. Tathmini ni kutoa hukumu kwa kigezo, na swali langu halikuwa na hukumu inayohitajika wala kigezo. Toleo jipya:

*Tathmini kama mwanzilishi anunue mashine au atumie karakana ya nje, akizingatia hali ya kampuni katika miaka 2 ijayo.* (Alama 10)

Kila kipande kina sababu yake. "Mashine au karakana ya nje" kwa sababu uamuzi unapimwa dhidi ya njia nyingine iliyopo, na kununua au kutonunua si jozi nzuri hapa: kutonunua si mpango. "Mwanzilishi" kwa sababu yeye ndiye aliyetoa ahadi kwa mafundi, na hukumu itabadilika kidogo ukikaa kwenye kiti chake kuliko ukikaa kwenye kiti cha mhasibu. "Miaka 2" ndicho kipande nilichokiongeza mwisho na ninachokithamini zaidi. Bila muda, kila mwanafunzi anatorokea mlango ule ule: kwa muda mfupi karakana ya nje, kwa muda mrefu mashine. Inasikika kama busara, na haisemi kitu. Ukiweka miaka 2 huku mkopo ni wa miaka 5 na mkataba wa nje unavunjika kwa miezi 3, mlango umefungwa na lazima aamue.

Nataka nikae kidogo kwenye neno "inategemea", maana walimu wenzangu tunagawanyika hapa. Wapo wanaolikata kwa kalamu nyekundu popote linapotokea. Mimi naona kuna "inategemea" mbili. Ya kwanza ni ya kukwepa: "Inategemea na hali ya soko." Hali ipi? Kiasi gani? Hajasema. Ya pili ni hii: "Inategemea kama mteja atanunua angalau theluthi mbili ya viti alivyoahidi, kwa sasa ushahidi ni neno la mdomo lililoletwa na mtu anayeitaka mashine, kwa hiyo siwezi kulihesabu." Huyu ametaja sharti, amelipima, na ametoa hukumu kwa kiasi cha ushahidi alicho nacho. Alama za juu kabisa nilizihifadhi kwa jibu la aina hiyo, hata asipofika kwenye 5,353. Inatosha aonyeshe kwamba kuna kiwango fulani kati ya 4,000 na 6,000 ambapo uamuzi unageuka, na aseme kwa nini anaamini mauzo yataangukia upande huu au ule.

Mwongozo wa kusahihisha niliuandika kabla ya kutoa karatasi, na niliuandika kwa kujibu swali mwenyewe mara tatu: nikitetea mashine kwa nguvu zangu zote, nikitetea karakana ya nje, na mara ya tatu nikijifanya mwanafunzi anayetaka kumridhisha kila mtu. Jibu la kutetea mashine lilikuwa gumu, na nilishukuru kulijua mapema. Lilisimama juu ya viti 9 vilivyorudishwa. Ukituma nje viti 1,500 na vikarudi kwa kiwango kile cha majaribio, unazungumzia viti 135 vibovu, vingi vikiwa mikononi mwa mteja ambaye unamhitaji kuliko wote. Faida ya 39,000 haijahesabu hilo. Hapo hoja ya mashine ilipata miguu. Kama ningeshindwa kuitetea mimi niliyetunga kisa, nisingekuwa na haki ya kumdai mwanafunzi "pande zote mbili".

Hilo la viti 100 lina udhaifu wake pia: ni kundi dogo, la mara moja, la karakana ambayo bado inajifunza muundo wa kiti. Sikuliandika kwenye kisa. Nililiacha kwa atakayeliona.

Nikatoa karatasi. Wanafunzi 34. Nilitegemea mgawanyiko, hata kama si nusu kwa nusu. Waliochagua karakana ya nje walikuwa 31.

Hiyo ni dalili. Darasa zima likikubaliana kwenye swali la kutathmini, mara chache ni kwa sababu wote wamefikiri sawa. Mara nyingi kisa kimeinama. Nilisoma sababu walizotoa, nikikwepa kwanza kuangalia alama. Karibu wote walikuwa wameegemea mafundi. Nikarudi kwenye kisa kilichochapishwa, na pale, tofauti na muhtasari niliokuonyesha hapo juu, nilikuwa nimeandika: "mafundi 12 wazee waliojitolea maisha yao kwa kampuni." Wazee. Waliojitolea. Maisha yao. Na sentensi hiyo ilikuwa ya mwisho kabisa katika kisa, kwa hiyo ndiyo iliyobaki kichwani walipogeuza ukurasa. Mwamba ngoma safari hii nilikuwa mimi.

Sifa zile nilizifuta, nikaihamishia sentensi katikati, nikabakiza ahadi kama ilivyo: walikubali kupunguziwa, wakaahidiwa. Ukweli huo una uzito wake bila msaada wangu. Nilipokitumia kisa tena kwa kundi lililofuata, kati ya 29, mashine ilipata watetezi 11. Sina haja ya zaidi ya hapo.

Kuna kosa jingine ambalo halikuonekana kwenye hukumu bali kwenye urefu wa majibu. Wanafunzi kadhaa, na si wale dhaifu, waliandika aya nzuri sana kwenye swali la alama 6 na mistari minne tu kwenye la alama 10. Nilidhani wamechoka. Kumbe muda haukutosha: dakika 60 kwa karatasi nzima, na kisa kilikuwa kipya, kinasomwa pale pale. Kusoma kisa chenye namba kumi na kitu na kuzielewa kunakula dakika 10 bila mchezo, na hesabu ya alama 4 inakula nyingine 10. Niliowaona kama hawawezi kutathmini walikuwa hawajapewa nafasi. Siku hizi ama natoa kisa siku chache kabla, maswali yakibaki siri, ama naondoa swali moja. Kutoa kisa mapema kuna gharama yake: watu wanakaa vikundi na kubashiri maswali, na wengine wanakuja na insha iliyokaririwa. Dawa niliyoiona ni kuongeza taarifa moja mpya ndani ya karatasi yenyewe siku ya jaribio, kwa mfano kwamba mteja mkubwa ameomba punguzo la bei hadi 46 kwa viti vyake vyote. Mwanya wa mashine unabanwa, wa karakana ya nje unabanwa zaidi kwa uwiano kwa sababu viti vya nje vinavyokwenda kwake sasa vinaacha 4 badala ya 8, na insha iliyokaririwa inapoteza msingi.

Lugha pia niliikagua. Kwenye toleo lililotangulia niliandika "uhaulishaji wa majukumu ya uzalishaji", nikimaanisha kumpa mtu wa nje kazi. Nusu ya darasa walikwama hapo. Swali likiwa gumu kwa sababu ya neno, linapima msamiati. Ugumu ninaoutaka ukae kwenye uamuzi, kwa hiyo maneno yawe mepesi kadiri inavyowezekana.

Katika wale 11 waliotetea mashine alikuwemo msichana mmoja asiyesema sana darasani. Alianza kwa kukataa sharti nililolichukulia kama msingi wa kisa. Aliandika kwamba kampuni haina sababu ya kuchagua leo. Karakana bado ina nafasi ya viti 500 kabla ya kujaa, na mkataba wa nje unavunjika kwa miezi 3. Kwa hiyo mwanzilishi aanze na karakana ya nje, amtake mteja aweke viti 2,000 kwenye maandishi, na akisaini, mashine inunuliwe na mkataba wa nje uvunjwe. Karakana ya nje, kwa maneno yake, "ni ada ya kununua muda wa kujua." Kisha akahukumu kwamba ndani ya miaka 2 anaona mashine itanunuliwa, kwa sababu mteja anayehitaji viti 3,600 hatakubali kupokea 9 vibovu katika kila 100.

Mwongozo wangu ulikuwa na majibu matatu ya mfano na hilo halikuwemo. Nilikaa nalo dakika nyingi kuliko karatasi nyingine yoyote, nikitafuta kama amekwepa swali. Hakuwa amekwepa: amechagua, ametaja sharti, amelipima kwa namba za kisa, na ametumia aya ambazo hata mimi sikuwa nimeziweka pamoja. Nikampa 10, nikafungua mwongozo, nikaandika kwa mkono chini ya jibu la tatu: "4. Kuahirisha kwa gharama inayojulikana. Ikubaliwe, kama amesema ni ishara gani itakayomfanya aamue."

Kisha nikarudia karatasi zilizokwisha sahihishwa, maana wawili wengine walikuwa wameandika jambo linalokaribia hilo na nilikuwa nimewakata.